Mwenzako Ana Wasiwasi Kazini: Mwongozo wa Kumsaidia Kimyakimya

Ofisi za uwakala wa forodha hapa Mombasa zina presha ya aina yake. Tarakimu moja ikikosewa kwenye fomu, kontena huweza kuzuiliwa Kilindini. Likizuiliwa, gharama huongezeka kila siku inayopita, na mwenye mzigo hapigi simu kukujulia hali. Makarani wengi huyazoea hayo. Lakini wapo ambao siku moja kosa huwatokea, na tangu hapo wasiwasi huwaganda, hata baada ya kosa lenyewe kusahauliwa na ofisi nzima.

Mwongozo huu ni wa yule anayekaa meza ya jirani. Si daktari, si meneja, na hana madaraka ya kumpunguzia mwenzake kazi, lakini mara nyingi ndiye wa kwanza kuona. Nitakaa zaidi kwenye jambo moja ambalo watu wenye huruma hulikosea: tunapomfanyia mwenye wasiwasi lile analoliogopa, tunamtuliza leo na kumwongezea woga kesho. Msaada unaomfaa ni kuwa karibu naye wakati analifanya mwenyewe.

Tuchukue mfano mmoja tuufuate hadi mwisho. Nimeuunda kutokana na mambo ya kawaida ya kazi hii. Kuna karani wa nyaraka, binti wa miaka ishirini na kitu, ambaye kazi yake ni kuingiza taarifa za mizigo kwenye iCMS, mfumo wa forodha wa KRA. Miezi miwili iliyopita alikosea namba ya kundi la bidhaa, ile inayoamua ushuru. Mzigo ukachelewa, na mteja akaja ofisini akamfokea mbele ya watu. Kosa likarekebishwa, mzigo ukatoka. Meza ya pili yuko mama wa uhasibu, anayekaribia miaka hamsini, ambaye vijana wote wa ofisi humwita mama.

Hatua ya kwanza: linganisha na alivyokuwa

Usimpime mtu kwa kumlinganisha na wewe au na makarani wengine. Wapo watu wapole kwa maumbile, wapo wasiopenda simu tangu kuzaliwa. La kuangalia ni mabadiliko. Binti wetu alikuwa anamaliza maingizo yake kabla ya adhuhuri. Sasa anabaki hadi magharibi. Alikuwa anakula mbaazi na mahamri na wenzake asubuhi. Sasa anasema tumbo limejaa. Kila kikao cha saa tatu kikikaribia, anakwenda msalani. Simu ya mezani ikilia, anashtuka, kisha anajifanya anatafuta karatasi mpaka mwingine aipokee. Na kila akimaliza fomu anageuka: "Mama, hebu niangalizie hii, iko sawa?"

Hilo la mwisho ndilo lenye maana kubwa, na ndilo rahisi kupuuzwa kwa sababu linafanana na bidii. Karani makini hukagua mara moja au mbili, akatuma, akasahau. Mwenye wasiwasi hukagua, akatuma, kisha akafungua tena kuhakikisha kwamba alichokagua alikikagua.

Ukiona haya yameendelea kwa wiki mbili hivi, siku nyingi kuliko siku chache, basi si uchovu wa siku moja. Hata wahudumu wa afya, wanapotumia maswali ya kupima wasiwasi, huuliza hali ya mtu kwa wiki mbili zilizopita. Wewe hupimi ugonjwa. Unapata tu sababu ya kuzungumza naye.

Angalia pia yanayofanana na wasiwasi. Mtu aliyebadilisha usingizi wake, anayekunywa kahawa thungu kikombe baada ya kikombe, au anayetafuna miraa au muguka, moyo wake unaweza kwenda mbio na mikono ikatetemeka bila jambo lolote kumtisha. Upungufu wa damu na matatizo ya tezi ya shingo huweza kufanya vivyo hivyo. Na siku za mwanzo za Ramadhani, mnywaji kahawa aliyeacha ghafla huumwa kichwa na kukosa subira. Usianze kuhesabu wiki zako mbili hapo.

Hatua ya pili: pahali, wakati na maneno

Usimwite chumba cha mikutano. Atadhani ameletewa barua ya onyo. Usimwandikie kwenye kundi la WhatsApp la ofisi, hata kwa kijembe cha upendo. Mazungumzo haya huenda vizuri watu wakiwa ubavu kwa ubavu, wakitembea au wakingojea kitu, kwa sababu hakuna anayelazimika kumtazama mwenzake machoni. Mama wa uhasibu alimwomba binti amsindikize benki baada ya chakula cha mchana, na wakati wa kurudi wakapitia Uhuru Gardens pale karibu na Pembe, penye vivuli. Ofisi haikuona lolote la ajabu.

Ikiwa wewe ni mwanamume na yeye ni mwanamke, au kinyume chake, jichunge zaidi. Mji wetu una macho, na uvumi kwamba fulani na fulani wana mambo yao utamzidishia mzigo uliotaka kumtua. Chagua mahali palipo wazi, mchana, penye watu wasiosikia mnachosema. Wakati mwingine jambo la busara ni kumwachia mwenzako wa jinsia yake azungumze naye, bila kumweleza zaidi ya kile mnachokiona nyote.

Anza na ulichokiona, wala usianze na hukumu. "Una wasiwasi wewe" ni hukumu, na mtu hujitetea mbele ya hukumu. Mama alisema hivi: "Mwanangu, wiki hizi nimeona huli mchana, na simu ikilia washtuka. Nikaona nikuulize, kuna jambo lakulemea?" Kisha akanyamaza. Kunyamaza huko ni sehemu ya kazi. Tuna mazoea ya kujaza kimya kwa nasaha, na nasaha ikiingia mapema mtu hufunga mdomo.

Akijibu "Niko sawa, mama," usichimbe. "Haya mwanangu. Siku ukitaka tutatembea tena." Rudi baada ya wiki moja, kwa upole ule ule. Wengi hufunguka mara ya pili, wakishaona mara ya kwanza hukwenda kuyatangaza.

Yapo maneno ya kuyaepuka. "Tulia," "usijali," na "kitu kidogo hicho" humwambia kwamba anachokihisi hakipo. "Sote tumepitia" humnyang'anya nafasi na kukupa wewe. Na kuhusu dini, nitasema wazi ninavyoamini. Kama anasomewa na sheikh, au anaombewa kanisani, usibishane naye kama ni jini, husuda au presha ya kazi. Dua na zahanati haviibiani nafasi. La kukutia hofu ni pale anapoambiwa aache dawa alizoandikiwa, au anapofungiwa au kupigwa kwa jina la tiba.

Hatua ya tatu: hakikisha hofu yenyewe si ya haki

Kabla ya kumsaidia mtu asiogope, jua anaogopa nini. Kuna wasiwasi uliozidi kipimo cha hatari, na kuna mtu ambaye kweli yuko hatarini: bosi anamtukana kila siku, mkataba wake unakwisha na hakuna anayemwambia kitu, au anafanya kazi ya watu watatu. Kuna pia anayeguswa au kutongozwa kwa nguvu na mkubwa wake. Hali hizo haziponywi kwa kumfundisha mtu kupumua. Hapo msaada wako ni kumwambia aandike tarehe na yaliyotokea, ahifadhi ujumbe alioandikiwa, na umsindikize kwa anayeweza kuchukua hatua, awe afisa wa rasilimali watu, chama cha wafanyakazi au ofisi ya kazi. Kumfundisha mtu kuvumilia dhuluma ni kumsaidia anayemdhulumu.

Kwa binti wetu, uliza uliza ya mama ilionyesha kwamba meneja hakuwa na ubaya naye na kazi ilikuwa ya kiasi. Alichokiogopa kilikuwa mambo mawili: kutuma fomu yenye kosa, na sauti ya mteja kwenye simu. Ni muhimu kufika kwenye jambo mahususi kama hivi. "Naogopa kazi" hakuna anayeweza kukushika mkono. "Naogopa kubonyeza kitufe cha kutuma" kuna pa kuanzia.

Hatua ya nne: acha kumhakikishia, mpe utaratibu

Hapa ndipo wengi wetu hukosea, na hukosea kwa mapenzi. Binti akiuliza "iko sawa?", mama anatazama haraka: "Iko sawa mwanangu, tuma." Binti anapumua. Baada ya dakika kumi anauliza tena, fomu nyingine, au ile ile. Baada ya mwezi hawezi kutuma chochote bila mama, na siku mama anapokwenda matibabu Changamwe, kazi inasimama.

Sababu ni hii. Kila anapohakikishiwa, hofu hushuka, na akili hujifunza kwamba kilichomwokoa ni jibu la mama. Haijifunzi kwamba fomu ilikuwa salama tangu mwanzo, wala kwamba yeye anao uwezo wa kukagua. Kwa hivyo shaka ikirudi, inataka jibu jingine. Kukwepa hufanya kazi kwa njia hiyo hiyo: ukimpokelea simu, hofu yake inashuka hapo hapo, na simu inayofuata inatisha zaidi kuliko ya kwanza.

Lakini huwezi kuamka asubuhi moja ukamkatia msaada wote. Hiyo ni adhabu. Zungumza naye kwanza, mkubaliane, na mpango uwe wake. Mama alimwambia: "Naona nikikujibu kila mara nakuongezea shaka. Tujaribu njia nyingine kwa wiki mbili, ukiona haikufai tuache." Wakapanga mambo matatu.

Kwanza, orodha fupi kwenye karatasi moja: PIN ya mwagizaji, namba ya hati ya shehena, namba ya kontena, namba ya kundi la bidhaa, thamani na sarafu yake, uzito na idadi. Haya ndiyo maeneo ambayo yakikosewa huleta balaa. Kila kimoja anakisoma kwa kidole kutoka kwenye hati, analinganisha na kioo cha kompyuta, anatia tiki kwa kalamu. Tiki ya kalamu ina faida ambayo macho hayana: shaka ikija baadaye, ushahidi uko kwenye karatasi.

Pili, akishatia tiki zote anatuma. Hakagui mara ya pili isipokuwa kwa jambo analoweza kulitaja. "Nahisi kuna kosa" halitoshi. "Ankara inasema dola na mimi nimeweka euro" ni sababu, na aifungue.

Tatu, mama atamtazamia mara moja kwa siku, saa tano na nusu, na ni yale tu ambayo binti mwenyewe ameyazungushia duara kwa sababu kweli hajui jibu. Bidhaa ngeni isiyoeleweka iko kundi gani ni swali la haki. Hata wazoefu huulizana. Tofauti kati ya swali la kutaka kujua na swali la kutaka kutulizwa ni kwamba la kwanza likijibiwa halirudi.

Na akiuliza nje ya saa hiyo? Atauliza, hasa siku za mwanzo. Jibu la mama lilikuwa lile lile kila mara, kwa sauti ya kawaida: "Umeshatia tiki? Basi wajua la kufanya. Mengine saa tano na nusu." Asikunje uso, asicheke. Wiki ya kwanza wasiwasi huweza kupanda kabla ya kushuka, na ni vizuri kumwambia hivyo mapema, asidhani mpango umeshindwa.

Usitazame kama hofu imeisha. Hofu ndiyo ya mwisho kuondoka. Tazama kazi: anatoka saa ngapi, anauliza mara ngapi, anafungua tena fomu ngapi alizozituma. Katika mfano wetu, mwisho wa wiki ya pili binti alikuwa bado anasema moyo unamdunda, lakini anatoka kazini jua likiwa juu. Hiyo ni njia nzuri. Kinyume chake, ikiwa anasema "nimetulia" huku orodha ya anayoyakwepa inaongezeka, mnapotea.

Kosa moja dogo lazima litatokea, kwa sababu hutokea kwa kila karani. Likitokea, usikimbilie kulifunika. Kaa naye alirekebishe yeye, aandike barua ya kuomba marekebisho yeye, aone kwamba kosa lina dawa. Siku hiyo inaweza kumfaa kuliko siku kumi zisizo na kosa.

Hatua ya tano: simu, ngazi kwa ngazi

Kwa jambo analolikwepa kabisa, panga ngazi, kutoka lililo jepesi hadi zito, na yeye ndiye anayeamua lini apande. Binti alianza kwa kusikiliza mama anapompigia mteja mpole. Kisha akapiga yeye kwa mteja huyo huyo, mama akiwa kiti cha pili, kimya. Kisha akapiga peke yake, mama akiwa chumba kingine. Yule aliyemfokea aliwekwa mwisho.

Sentensi ya kwanza iandikwe, kwa sababu hapo ndipo ulimi hukauka: "Asalaam aleikum, napiga kutoka ofisini kuhusu mzigo wako. Nina habari ya hatua tuliyofikia na kitu kimoja nataka kutoka kwako." Sentensi moja tu inatosha. Akiandika mazungumzo yote atayasoma kama hotuba, na mteja akikatiza atapotea. Iandikwe pia sentensi ya kutokea mteja akipandisha sauti: "Nimekusikia, bwana. Nipe nusu saa nifuatilie, nitakupigia mwenyewe." Na apige kweli.

Kila ngazi irudiwe mpaka iwe ya kuchosha kidogo kabla ya kupanda nyingine. Akishindwa moja, rudini nyuma hatua moja. Usimsukume, na usimshtukize kwa kumpa simu mkononi mbele ya watu ukidhani unampa moyo.

Hofu ikimshika ghafla

Inawezekana ukamkuta ngazini anapumua haraka haraka, mikono imekufa ganzi, anasema anakufa. Hofu ya ghafla ya namna hii hufika kileleni ndani ya dakika chache, mara nyingi hazizidi kumi, kisha hushuka yenyewe. Humwachia mtu uchovu mkubwa.

Lakini usiwe mwepesi wa kusema ni wasiwasi tu. Ikiwa ni mara ya kwanza, au kifua kinabana na maumivu yanakwenda mkononi, shingoni au tayani, au ana jasho baridi, anazirai, ana pumu, ana mimba, au umri umesogea na ana presha au sukari, mpeleke hospitali bila kungoja. Daktari akisema moyo ni mzima, mmepoteza mchana mmoja tu.

Ikiwa amewahi kuambiwa na daktari kwamba ni mashambulio ya hofu na anaijua hali yake, mtoe kwenye macho ya watu, akae. Usimkusanyie umati wa kumpepea. Zungumza kwa sentensi fupi: "Niko hapa. Itapita. Pumua na mimi." Pumueni taratibu kwa pua, na kutoa pumzi kuwe kurefu kuliko kuvuta, mkihesabu, vuta kwa nne, toa kwa sita. Kuvuta pumzi nyingi na kubwa huzidisha ganzi na kizunguzungu, kwa hiyo usimwambie "vuta pumzi kwa nguvu." Usimpe mfuko wa karatasi apumulie. Usimguse kabla ya kumuuliza. Zikipita dakika, mpe maji kama hajafunga, na muulize anataka nini: kurudi mezani, kukaa kidogo au kwenda nyumbani. Kama anaweza kurudi hata kwa robo saa kabla ya kutoka, ni bora, ili meza isigeuke mahali pa kukimbiwa. Lakini uamuzi ni wake.

Kwa wenzake wanaouliza: "Alijisikia vibaya, sasa hajambo." Basi.

Siri, na meneja anapouliza

Taarifa za afya ya mtu ni zake. Sheria ya Ulinzi wa Data ya 2019 inaziweka kwenye kundi la taarifa nyeti, lakini hata isingekuwapo sheria, neno likitoka kwako litazunguka Mombasa kabla ya adhuhuri. Usimweleze hata mumeo au mkeo kwa jina. Usiziandike kwenye simu ya ofisi.

Meneja akiuliza mbona karani amepunguza mwendo, sema yanayohusu kazi tu: "Anapanga upya namna ya kukagua, makosa yamepungua. Mengine muulize mwenyewe." Ikiwa binti anataka kumwona meneja, mwandalie ombi dogo lenye mwisho wake. "Naomba kwa wiki tatu nisichanganyiwe simu na maingizo, simu nizipige kati ya saa nane na saa tisa" ni ombi ambalo meneja anaweza kulikubali bila kujua lolote la afya. Mabadiliko yasiyo na tarehe ya mwisho hugeuka kuwa kukwepa kwa kudumu.

Akihitaji kupumzika, Sheria ya Ajira ya 2007, kifungu cha 30, inampa aliyefanya kazi miezi miwili mfululizo angalau siku saba za ugonjwa kwa mshahara kamili na siku saba nyingine kwa nusu mshahara, katika kila miezi kumi na miwili, akiwa na cheti cha daktari. Mikataba mingi hutoa zaidi, kwa hivyo ausome wa kwake.

Yanapozidi uwezo wako

Mkishajaribu wiki tatu au nne na anayoyakwepa yanaongezeka, au halali, au amepungua mwili, au ameanza kunywa pombe au dawa za usingizi za kununua dukani ili afike jioni, basi anahitaji mhudumu wa afya. Mwambie kama mnavyoambiana kuhusu malaria: "Hili lina matibabu, twende." Kuna matibabu ya mazungumzo ambayo hufanya kwa ustadi zaidi yale mliyokuwa mkiyajaribu, na kuna dawa, ambazo nyingine huchukua wiki kadhaa kabla ya kuonekana faida yake, kwa hiyo asiziache siku ya tano. Pwani, wahudumu wa afya ya akili wanapatikana katika Hospitali ya Rufaa ya Coast General na ya Port Reitz, Changamwe. Anayeona haya kuanzia huko aanze zahanati ya karibu kwa kusema anakosa usingizi na moyo unakwenda mbio. Kutoka hapo ataelekezwa. Jitolee kumsindikiza hadi mlangoni. Wengi hupanga kwenda na hawafiki kwa sababu ya ile foleni ya kwanza.

Akisema maneno kama "afadhali nisiwepo" au "nimechoka kuishi," muulize wazi: "Unafikiria kujiua?" Kuuliza hakumpandikizii wazo. Akisema ndiyo, usimwache peke yake, usiahidi kuitunza siri hiyo, mwite jamaa anayemwamini, na mpelekeni hospitali siku hiyo hiyo. Msalaba Mwekundu wa Kenya wana namba ya bure ya ushauri, 1199. Watu wengine huogopa kusema kwa kudhani watakamatwa. Januari 2025 Mahakama Kuu ilitamka kwamba kifungu cha 226 cha Kanuni ya Adhabu, kilichofanya jaribio la kujiua kuwa kosa la jinai, kinakiuka Katiba.

Kujiondoa polepole

Msaada huu una mwisho, na upangwe tangu mwanzo. Katika mfano wetu, wiki ya tatu ile saa tano na nusu ilibaki Jumatatu, Jumatano na Ijumaa. Wiki ya tano ikabaki Ijumaa peke yake. Kisha ikafutwa, na binti akabaki na karatasi yake ya tiki, ambayo karani mgeni naye akaomba nakala. Chai ya asubuhi na matembezi ya Uhuru Gardens hayakufutwa, kwa sababu hayo hayakuwa matibabu.

Wasiwasi huweza kurudi: meli zikija kwa mkupuo, mwisho wa mwaka wa fedha mwezi wa Juni, au mfumo wa forodha ukigoma siku nzima na foleni ikajaa. Ukirudi, usianze kumhakikishia upya. Muulize karatasi ya tiki iko wapi, na mrudi kwenye saa moja kwa siku, kwa wiki moja.

Nawe jipime. Ikiwa umeanza kulala na matatizo yake, au kazi yako imesimama kwa ajili yake, mwambie wazi: "Mwanangu, nakupenda, lakini mchana huu nina hesabu za kufunga. Tuonane kesho saa tano na nusu." Kumwekea mpaka unaoujulisha mapema ni afadhali kuliko kumchoka ghafla na kuanza kumkwepa, kwa sababu yeye ataligundua hilo kabla yako.